Gliseroli njia yake, asidi za mafuta njia yake: kufuatilia molekuli moja ya mafuta mpaka mwisho

Swali linalowakwamisha wengi ni hili: mtu aliyefunga akichoma gramu 100 za mafuta ya mwilini, anapata glukosi kiasi gani? Ukiweza kulijibu kwa hesabu, basi umeelewa. Tutafuata molekuli moja tu, tripalmitini, yaani gliseroli moja iliyobeba asidi tatu za palmitiki. Ina kaboni 51: 3 ni za gliseroli, 48 ni za asidi. Andika namba hizo juu ya karatasi, kisha chora vyumba vinne: seli ya mafuta, damu, ini na msuli. Achana na ule mchoro mkubwa unaorundika vimeng'enya vyote ndani ya seli moja, maana unaficha jambo lenyewe: nani anacho kimeng'enya gani.

Hatua ya 1: Fungua hifadhi

Mtu akikaa na njaa, insulini inashuka, na adrenalini pamoja na noradrenalini zinapata nguvu. Kwa binadamu hizo ndizo za kuzingatia kwenye seli ya mafuta. Glukagoni hutajwa sana, ila mchango wake hapo ni mdogo. Homoni inashika kipokezi kwenye utando wa seli, cAMP, mjumbe wa ndani ya seli, inaongezeka, nayo inaamsha protini kinasi A. Kinasi hii inabandika fosfati mahali pawili: kwenye lipasi nyeti kwa homoni (kwenye michoro utaiona kama HSL) na kwenye perilipini, protini inayolifunika tone la mafuta.

Perilipini ndiyo inayosahaulika. Lipasi hii hukaa kwenye saitoplazimu, mbali na mafuta. Isipobandikwa fosfati perilipini, lipasi haipati pa kushika vizuri kwenye tone, hata kama yenyewe imeshaamshwa.

Angalia pia zamu za ukataji. Asidi ya kwanza hukatwa na lipasi nyingine, ATGL. HSL hukata ya pili, na lipasi ya monogliseridi humalizia ya tatu. Maelezo ya kabla ya 2004 huipa HSL kazi ya kuanzisha, kwa kuwa ATGL ilikuwa haijatambuliwa.

Mitego miwili hapa. Wa kwanza ni kudhani kwamba fosfati siku zote huzima kimeng'enya, kwa sababu huzima kile kinachojenga glikojeni. HSL huamshwa nayo. Wa pili ni kuichanganya na lipasi ya lipoprotini, ambayo imekaa kwenye kuta za kapilari na kazi yake ni kuingiza mafuta ndani ya tishu. Kwenye tishu ya mafuta, insulini huiongeza hiyo, huku ikiizima HSL kwa kuchochea uvunjaji wa cAMP.

Hatua ya 2: Ipeleke gliseroli kwenye ini

Seli ya mafuta ina gliseroli kinasi kidogo mno, na bila kimeng'enya hicho gliseroli haina matumizi pale. Inatoka, na kwa kuwa inayeyuka kwenye maji, inasafiri na damu bila kubebwa. Ini linacho kimeng'enya. Linatumia ATP 1 kuigeuza kuwa gliseroli-3-fosfati, kisha linaiondolea hidrojeni, inapatikana NADH 1 na DHAP. Hapo imefika katikati ya njia ya glukosi. Wakati wa njaa inapanda juu, na molekuli mbili za gliseroli zinatengeneza glukosi moja.

Ndiyo maana maabara hupima gliseroli wanapotaka kujua mafuta yamevunjwa kiasi gani. Asidi za mafuta zinaweza kubandikwa upya ndani ya seli ile ile, gliseroli haiwezi. Uwiano unaotarajiwa kwenye kimiminika kinachozunguka seli za majaribio ni asidi 3 kwa gliseroli 1. Ukipata 2 kwa 1, theluthi ya asidi imerudishwa hifadhini. Na ukisahau kuweka albumini kwenye kimiminika hicho, asidi hukosa mbebaji, hujaa ndani ya seli na kupunguza uvunjaji wenyewe, kisha unadhani homoni yako ni mbovu.

Hatua ya 3: Zipeleke asidi kwenye msuli

Zinabebwa na albumini. Ndani ya seli ya msuli, kila asidi inafungwa kwenye koenzaimu A. ATP inashuka mpaka AMP, kwa hiyo hesabu gharama ya 2. Karnitini inaipitisha mpaka ndani ya mitokondria, nayo inakatwa kaboni mbili mbili, mara 7, na kutoa asetili-KoA 8. Kwa thamani za ATP 2.5 kwa NADH na 1.5 kwa FADH2 (zile za 3 na 2 ziache, zimepitwa na wakati), na 10 kwa kila asetili-KoA inayopita kwenye mzunguko wa Krebs:

```
7 NADH   x 2.5 = 17.5
7 FADH2  x 1.5 = 10.5
8 asetili x 10 = 80
gharama        = -2
jumla          = 106 ATP
```

Asidi tatu ni ATP 318.

Hatua ya 4: Zuia asidi zisiingie kwenye glukosi

Hapa ndipo saa zinapopotea. Mwanafunzi anaona asetili-KoA inaingia kwenye mzunguko wa Krebs, anaona oksaloasetati inatoka, anajua oksaloasetati hutengeneza glukosi, basi anaunganisha mshale. Hesabu kaboni. Asetili inaingiza 2 juu ya 4 za oksaloasetati, zinakuwa 6. Kabla ya kurudi kwenye oksaloasetati, 2 zinatoka kama CO2. Zilizobaki ni 4, zile zile ulizoanza nazo, na hakuna ziada ya kutoa. Njia ya kurudi nyuma kutoka asetili-KoA hadi piruvati nayo haipo, kwa sababu hatua hiyo haigeuziki.

Kuna pingamizi la haki. Ukimpa mnyama asidi ya palmitiki yenye kaboni ya mnururisho, mnururisho huo unaonekana kwenye glukosi. Ni kweli, kwa sababu CO2 mbili za mzunguko wa kwanza zinatoka kwenye upande wa oksaloasetati ya zamani, na kaboni mpya zinabaki zikichanganyika. Huo ni ubadilishanaji, siyo ongezeko: kwa kila kaboni mpya iliyobaki, ya zamani imetoka.

Asidi zenye idadi witiri ya kaboni ni jambo jingine. Kipande cha mwisho huwa na kaboni 3, na hicho kinaweza kuwa glukosi. Palmitiki ina 16, kwa hiyo haituhusu. Mimea na bakteria wengi wana njia ya mkato inayokwepa hatua zile mbili za CO2, sisi hatuna.

Hata hivyo asidi hazikai pembeni. Kuchomwa kwake ndani ya ini kunalipa ATP inayojenga glukosi, na asetili-KoA ikizidi, ini linatengeneza ketoni ambazo ubongo unazitumia.

Hatua ya 5: Jibu swali

Uzito wa moli moja ya tripalmitini ni gramu 807. Gramu 100 ni moli 0.124, kwa hiyo gliseroli ni moli 0.124. Gawanya kwa 2, unapata moli 0.062 za glukosi. Zidisha kwa 180, ni kama gramu 11. Ukipata zaidi ya hapo, rudi Hatua ya 4 utafute mshale uliochora kutoka asetili-KoA.