Somo: Kuikagua Upya Barua Pepe Baada ya Marekebisho ya Mwisho

Ndugu wanachama, leo nashughulikia zile dakika chache kati ya marekebisho ya mwisho na kubonyeza kitufe cha kutuma. Barua ikiwa tayari imesomwa mara mbili, mwandishi huamini kwamba ni safi, kisha hubadilisha neno moja au tarehe moja na kuituma bila kuisoma tena. Makosa mengi ninayoyaona katika barua za vikundi vyetu hapa Kisumu huzaliwa hapo, kwa sababu neno lililobadilishwa lilikuwa limeshikana na maneno mengine ambayo hayakuguswa.

Tuchukue mfano. Katibu wa kikundi cha wakulima alikuwa ameandika hivi:

"Mkutano wetu wa mafunzo, ambao umeandaliwa kwa wanachama wote, utafanyika Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, katika ukumbi wa kanisa pale Kondele. Utaanza saa tatu asubuhi. Wanaotoka Ahero wapite mjini, kisha wapande matatu ya Kondele. Tafadhali thibitisha siku mbili kabla, yaani Jumapili."

Kabla ya kutuma, mwenyekiti akampigia simu na kumweleza mambo matatu: mkutano uitwe warsha, siku iwe Alhamisi tarehe 16, na mahali pawe Nyamasaria. Kila badiliko ni la neno moja au mawili tu, lakini tazama yanavyosambaa.

Hatua ya kwanza: ondoa anwani za wapokeaji kabla ya kugusa chochote. Zikate na uzibandike mahali pengine. Barua isiyo na anwani haiwezi kutumwa kwa bahati mbaya ikiwa nusu imerekebishwa, na kazi ya kuzirudisha itakuwa ishara yako kwamba ukaguzi umekwisha.

Hatua ya pili: andika mabadiliko kwenye karatasi, la zamani upande mmoja na jipya upande wa pili. Usitegemee kumbukumbu. Katibu wetu angekuwa na mistari mitatu: mkutano na warsha, Jumanne 14 na Alhamisi 16, Kondele na Nyamasaria.

Hatua ya tatu ndiyo nzito, nayo ni kufuata upatanisho wa ngeli. Ukifuta "mkutano" na kuweka "warsha", kuna maneno sita yanayobaki yakimtumikia bwana aliyeondoka: wetu, wa, ambao, umeandaliwa, utafanyika na utaanza. Yanapaswa kuwa yetu, ya, ambayo, imeandaliwa, itafanyika na itaanza. Matano ya kwanza yamo katika sentensi ileile, na msomaji makini huyaona. La sita ndilo humponyoka kila mtu, kwa kuwa limekaa mwanzoni mwa sentensi ya pili, ambako nomino yenyewe haitajwi. Kwa hiyo, ukibadilisha nomino, usiishie kwenye nukta. Endelea kusoma hadi ufike sentensi ambayo ina mtenda wake mpya, na kila kitenzi utakachokutana nacho njiani ukiulize: ni nani anayetenda hapa?

Usitarajie kikagua tahajia kikuokoe. "Wetu" na "utaanza" ni maneno sahihi ya Kiswahili, na chombo kinachopima neno mojamoja hakina sababu ya kuyapigia mstari mwekundu. Tena mara nyingi chombo chenyewe kimewekewa Kiingereza, nacho hupigia mstari karibu kila neno letu, kiasi kwamba jicho huzoea wekundu huo na kuacha kuujali.

Hatua ya nne: tafuta mambo yaliyotegemea lile ulilobadilisha. Kwenye kompyuta, bonyeza `Ctrl+F` na uandike neno la zamani. Hii husaidia kupata "Kondele" ya pili iliyofichwa katika sentensi ya matatu, ambayo sasa inamdhuru msomaji moja kwa moja: anayetoka Ahero hupita Nyamasaria kabla ya kufika mjini, na akiyafuata maelekezo ya zamani atalipita eneo la warsha na kulipa nauli mara mbili. Hapo haitoshi kubadilisha jina la mahali, sentensi nzima iandikwe upya: "Wanaotoka Ahero washuke Nyamasaria kabla ya kufika mjini."

Lakini utafutaji huo una mipaka. Neno "Jumapili" halimo katika orodha yako ya mabadiliko, kwa hiyo hutalitafuta, ilhali nalo limeharibika: siku mbili kabla ya Alhamisi ni Jumanne. Nawasihi msikimbie hapa. Kila penye maneno kama "kesho yake", "siku mbili kabla" au "wiki ijayo", chukueni kalenda mhesabu upya.

Hatua ya tano ni fupi. Soma mstari wa mada kwa macho, kisha fungua kiambatisho chenyewe, usiangalie jina lake tu. Mimi mwenyewe niliwahi kusahihisha siku ndani ya barua na kuiacha ile ya zamani kwenye mada. Baadhi ya watu walisoma mada peke yake, wakasafiri siku isiyo yao. Bado jambo hilo linaniuma.

Hatua ya mwisho: jitumie barua hiyo wewe mwenyewe na uisome kwenye simu. Mistari hukatika mahali tofauti, na jicho halipati tena njia liliyoizoea. Ukipata kosa, lisahihishe, kisha rudia hatua ya tatu na ya nne kwa sahihisho hilo peke yake. Ndipo urudishe anwani.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Kakamega:* Mwalimu, shikamoo. Nilifundishwa kusoma barua kutoka mwisho kwenda mwanzo ili nione makosa. Je, njia hiyo inafaa hapa?

*Jibu:* Marahaba. Inafaa kwa herufi zilizorukwa, kwa sababu inakulazimisha kutazama neno mojamoja. Kwa upatanisho haifai, kwani utakutana na "utaanza" kabla ya kuijua nomino yake. Baada ya kubadilisha nomino, soma kwa sauti kuanzia mwanzo. Sikio lililokulia katika Kiswahili hukataa "warsha wetu" hata pale jicho limechoka.

*Mwanachama wa Nakuru:* Je, nikigundua kosa mara tu baada ya kubonyeza?

*Jibu:* Kama unatumia Gmail kwenye kompyuta, fungua mipangilio, uchague `See all settings`, kisha katika sehemu ya `General` utafute `Undo Send`. Kwa kawaida muda wa kurudisha barua ni sekunde 5, nawe unaweza kuuongeza hadi 30. Muda huo ukipita, barua imekwenda.

*Mwanachama wa Ahero:* Na ikiwa imeshakwenda, mwalimu, niitume yote upya?

*Jibu:* Hapana, dada. Wapokeaji watakuwa na barua mbili zinazofanana, wasijue tofauti iko wapi. Tuma fupi yenye neno "Sahihisho" na siku iliyo sahihi kwenye mada, na sentensi ya kwanza iseme: "Warsha itafanyika Alhamisi, tarehe 16 Oktoba, si Jumanne." Nayo ikague kwa hatua zilezile, kwa sababu sahihisho lenye kosa huwaacha watu wakipiga simu kuuliza waifuate barua ipi.