Somo: Kutambua maumivu ya koo kwa mzee mwenye dimensia anayekataa chakula

Mzee aliyepoteza maneno kwa sababu ya dimensia hawezi kusema kwamba koo linamuuma, na hata ukimuuliza huenda akajibu "hapana" kwa kuwa hakulielewa swali. Katika kazi yangu ya uuguzi wa nyumbani hapa Nairobi nimejifunza kutazama zaidi namna anavyomeza kuliko kiasi anachokula.

Hatua ya kwanza: tazama anakataa wakati gani. Asiyekitambua chakula hukikataa kabla hakijafika mdomoni. Aliyesahau kumeza hukiweka shavuni. Na mwenye udhaifu wa misuli ya kumeza hukohoa au kupaliwa. Mwenye maumivu hupokea kijiko cha kwanza kwa hiari, husita, humeza huku akikunja uso, kisha huusukuma mkono wako.

Bibi mmoja wa miaka 81, mkazi wa Umoja, alifanya hivyo kwa siku tatu, nao jamaa zake wakadhani amekuwa mkaidi. Usiku aliamka mara kwa mara, akivuta leso shingoni na kutemea mate humo. Hilo la mate ndilo lililonishtua, kwa sababu mtu anayeumwa koo huumia hata anapomeza mate yake mwenyewe, na usiku hana kitu cha kumsahaulisha.

Hatua ya pili: linganisha vyakula. Mketishe wima. Ikiwa hana tabia ya kupaliwa, mpe kidogo kidogo kitu laini, kisicho moto wala kikali. Bibi alikataa uji wa wimbi uliotiwa ndimu na chai ya moto, lakini akanywa nusu kikombe cha maziwa ya baridi. Hamu ya kula ilikuwepo; ni moto na ukali vilivyomchoma.

Hatua ya tatu: angalia mdomo kwa tochi. Toa meno bandia kwanza. Bibi alikuwa akilala nayo, na wiki moja kabla alikuwa ametumia antibayotiki za kifua. Tulikuta utando mweupe kwenye ulimi na kaakaa, ambao ulipofutwa kwa kitambaa laini uliacha wekundu. Hiyo ni sura ya fangasi wa mdomoni. Usilazimishe mdomo kufunguka wala usisukume kijiko nyuma ya ulimi, na ukikuta mdomo safi usiamini kwamba koo ni zima, kwani sehemu ya chini haionekani.

Hatua ya nne: pima maumivu mara mbili, akiwa ametulia na anapomeza. Kipimo cha PAINAD, cha maumivu kwa mtu mwenye dimensia, hutazama mambo matano: upumuaji, sauti za kulalamika, uso, mwili, na kama anafarijika. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2. Bibi alipata 2 akiwa ametulia na 6 alipomeza. Alama hizo pekee hazisemi maumivu yako wapi. Tofauti kati ya nyakati hizo mbili ndiyo inayoelekeza kooni. Niliyaandika yote na familia ikampelekea daktari, ambaye alimwandikia Bibi nistatini ya maji, dawa ya fangasi, mililita 4 mara nne kwa siku baada ya chakula, meno yakiwa yametolewa. Siku ya nne alimaliza bakuli la uji, usio na ndimu.

Maswali ya wanachama

*Dada muuguzi, je, naweza kumpa mama parasetamoli nione kama atakula?*
Muulize daktari kwanza, hasa kama ana ugonjwa wa ini au uzito wake haufiki kilo 50, kwa kuwa dozi yake hupunguzwa. Akikubali, mpe dakika 30 hadi 60 kabla ya mlo. Akila vizuri, umepata ushahidi wa maumivu. Asipokula, hujathibitisha kwamba hayapo. Hakikisha pia dawa yake ya mafua haina parasetamoli ndani.

*Baba alianza kukataa chakula baada ya kuandikiwa dawa ya mifupa. Kuna uhusiano?*
Huenda upo. Ikiwa dawa hiyo ni alendroneti, ikikwama njiani huchoma umio, kama ifanyavyo antibayotiki ya doksisaiklini. Humezwa kwa glasi nzima ya maji, naye hukaa wima kwa angalau dakika 30. Ikiwa baba hawezi kufuata hayo, usimpe dozi nyingine kabla ya kuongea na daktari, na usiisage.

*Ni lini nisingoje kliniki ya kesho?*
Mate yakimtiririka kwa kushindwa kumeza, akipumua kwa sauti ya kukwaruza, shingo ikivimba, au mdomo ukikataa kufunguka, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo ikiwa hajanywa chochote tangu jana, au mkojo umekuwa mchache na mweusi.