Akiba ya uzeeni: anza hesabu kutoka mwisho

Fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, anataka akistaafu atoe 500,000 kila mwisho wa mwezi kwa miaka 20. Wengi huzidisha 500,000 kwa miezi 240, wakapata milioni 120 na kukata tamaa. Wanasahau kwamba fungu linaendelea kuzaa faida hata linapoliwa.

Tuchukulie faida ya 6% kwa mwaka, yaani 0.005 kwa mwezi. Kwanza tafuta fungu la siku ya kustaafu:

```
F = 500000 × (1 − 1.005^−240) / 0.005
```

Ni kama milioni 69.8. Sasa fungu hilo ndilo lengo la miaka 25 ya kuweka, miezi 300:

```
A = F × 0.005 / (1.005^300 − 1)
```

Jibu ni takriban 100,700 kwa mwezi.

Tamu, ila 500,000 ya wakati huo haitanunua kile inachonunua leo. Bei zikipanda 4% kwa mwaka, rudia hesabu kwa 2%, yaani 6 toa 4: akiba ya kila mwezi inakuwa kama 254,000 kwa thamani ya leo, na kiasi hicho kiongezwe kila mwaka kufuata bei. Mimi ningepanga kwa hii ya pili.