Chapa, rejista na kibali kabla ng'ombe hajapanda fuso kwenda Pugu

Wafugaji wengi wanadhani ng'ombe akishapigwa chapa basi ameshaandikwa kuwa ni wake, kumbe chapa ya serikali inaanza na T ya Tanzania halafu zinafuata alama za wilaya na kijiji, yani inaonyesha mnyama katokea wapi. Nani mwenye mali inaonekana kwenye rejista, ile inayojazwa pale kijijini jina lako, idadi, jinsia, rangi na alama za mifugo yako. Sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo ipo tangu 2010 na inataka vyote viwili, kwa hiyo siku ya zoezi usikubali kuondoka na ng'ombe wenye alama wakati kwenye kitabu hujaandikwa, simama hapo mpaka uone jina lako, na kila ukiuza au akifa mmoja nenda ukapunguze.

Chapa yenyewe nayo ina ufundi wake, maana chapa isiyosomeka ni hasara tupu. Chuma kikiwa chekundu kinawasha manyoya, herufi zinavimba na kuungana, kikiwa cheusi bado hakijapata moto wa kutosha. Subiri kiwe na rangi ya majivu, kandamiza kama sekunde 3 hivi kisha toa, ukiona ngozi imekuwa ya kahawia kama mkanda wa viatu uliochakaa umepata. Ng'ombe aliyelowa mvua muache akauke kwanza, mvuke unaunguza pembeni na alama inakuwa doa tu. Na usipige mbavuni wala mgongoni, ngozi ya pale ndio yenye hela. Hereni nayo ikae katikati ya sikio kati ya ile mistari miwili migumu ya gegedu, ukiweka kwenye ncha inakatikia kwenye miiba ndani ya wiki chache.

Sasa twende safari. Tuseme umenunua madume 24 mnadani Meatu kutoka kwa wafugaji saba tofauti unataka kupeleka mnada wa Pugu, Dar. Hapo una chapa za vijiji vitatu vinne na hakuna hata moja ya kwenu, na hiyo sio kosa, kosa ni kukosa stakabadhi ya mnada kwa kila muuzaji. Kabla hujatoa hata shilingi mpigie afisa mifugo umuulize kama kuna karantini huku unakonunua au njiani, maana ikitangazwa ya miguu na midomo au homa ya mapafu kibali cha kusafirisha hakitoki na utabaki unalisha madume yako kwa majani ya kununua.

Ukienda kuomba kibali peleka stakabadhi zote, na mifugo iwepo ikaguliwe, sio unaenda na karatasi mfukoni ng'ombe wako porini. Malipo ni kwa kontrol namba, hela ya mkononi usitoe, risiti utaulizwa barabarani. Kibali kikitoka kisome hapohapo dirishani: idadi, jinsia, rangi, chapa, namba ya gari, unakotoka, unakokwenda, njia na siku za mwisho. Namba ya gari ndio inawaumiza wengi, fuso linaharibika usiku mwenye gari analeta lingine na karatasi bado inasoma la kwanza. Badilisha kwa afisa kabla ya kupakia.

Ishu ya njia nayo. Kibali kimeandikwa Shinyanga, Nzega, Igunga, Singida, Dodoma, Morogoro, halafu dereva anaona daraja la Sibiti linamkatisha fasta mpaka Mkalama anapita huko. Ukikamatwa huko wewe ni mtu unayesafirisha ng'ombe bila kibali cha njia hiyo, hata kama kila kitu kingine kiko sawa, so kama unataka kupita Sibiti sema tangu mwanzo iandikwe.

Akifa mmoja njiani usimtupe korongoni ukanyamaza, na mbaya zaidi usiokote mwingine kijijini kufidia ili 24 itimie. Yule mpya ana chapa ambayo haipo kwenye kibali, na mkaguzi kizuizini kitu cha kwanza anachofanya ni kuhesabu kisha anaangalia mapaja na masikio. Ripoti kifo kituo cha ukaguzi kinachofuata, daktari aandike kwenye kibali waliobaki ni 23.

Pale Pugu unakabidhi kibali getini kabla ya kushusha. Dume lisipopata bei na ukataka kulihamishia mnada mwingine au kulirudisha nyumbani, kibali cha kuja hakifanyi kazi tena, unaomba kingine palepale mnadani ukiwa na kopi ya cha kwanza.