SOMO: Imeili moja kwa mhasibu na fundi, kila mtu akione kipande chake haraka

Wadau, somo hili ni la wale mnaoomba hela za vifaa ofisini. Imeili ya hivyo inasomwa na watu wasiotafuta kitu kimoja: mhasibu anataka kujua shingapi, inatoka fungu gani, inalipwa lini na tusipolipa inakuwaje, fundi anataka modeli, vipimo na kazi itafanyika saa ngapi. Wengine wanatuma imeili mbili, halafu baada ya siku chache zinapishana, huku bei mpya kule ya zamani, na hapo ndo maombi yanakwama. Andika moja, ila ipange kwa tabaka.

Tutumie mfano mmoja mpaka mwisho, bei ni za mfano tu. UPS ya chumba cha seva ina betri 16 za volti 12, zimechoka. Zamani zilikuwa zinashika dakika 20, tumepima sasa zinashika 4. Jenereta inawashwa kwa mkono na inachukua dakika 6 mpaka ishike mzigo.

Hatua ya 1: tafuta sentensi ambayo wote wawili wanaielewa. Kabla hujaandika chochote kingine, tafuta kipimo kimoja ambacho fundi hatakipinga na mhasibu hatahitaji kuelezwa. Hapa ni dakika: betri zinashika 4, jenereta inataka 6, kwa hiyo umeme ukikatika seva zinazima kabla jenereta haijaingia na mauzo yanasimama. Ukianza na "ukinzani wa ndani wa betri umepanda" uko sahihi kabisa ila mhasibu ameshakuacha, na ukianza na "betri ni mbovu" fundi atauliza umejuaje.

Hatua ya 2: sabjekti ibebe kitendo, kiasi na mwisho wa kujibu. Mfano:

> Idhini: betri 16 za UPS ya seva, TSh 2,006,000 pamoja na VAT, jibu kabla ya Ijumaa saa 6 mchana

Hatua ya 3: tabaka la juu. Liwe fupi kiasi cha kusomeka kwenye simu bila kuteremsha, maana mabosi wengi wanaisomea njiani. Weka tatizo, ombi, nani afanye nini, halafu waelekeze:

> Betri za UPS zinashika dakika 4, jenereta inahitaji 6. Umeme ukikatika leo, seva zinazima na kaunta haziuzi mpaka ziwashwe upya.
> Tunaomba idhini ya TSh 2,006,000 kubadilisha betri zote 16.
> Mhasibu mkuu: idhini kabla ya Ijumaa saa 6 mchana. Mkuu wa ufundi: thibitisha Jumapili saa 12 asubuhi kuzima seva.
> FEDHA iko hapo chini, UFUNDI inafuata.

Hayo maneno FEDHA na UFUNDI yarudie vilevile kama vichwa vya sehemu. Usiandike FEDHA juu halafu kichwa kiwe "Mchanganuo wa gharama", mtu akiteremsha haraka macho yake yanatafuta neno lilelile aliloliona.

Hatua ya 4: sehemu ya FEDHA. Ijitegemee, maana itakatwa na kupelekwa kwa mtu mwingine peke yake.

> FEDHA
> Betri 16 × 95,000 = 1,520,000
> Ufundi = 180,000
> Jumla kabla ya VAT = 1,700,000
> VAT 18% = 306,000
> Jumla ya kulipa = 2,006,000
> Fungu: matengenezo ya vifaa. Malipo baada ya kufungwa na kujaribiwa, kwa risiti ya EFD. Profoma 3 zimeambatishwa.
> Kununua nusu hakufai: betri zote zinafanya kazi kama mnyororo mmoja, zile 8 za zamani zitaizimisha UPS mapema hata kama mpya bado zina chaji, na zitazichosha mpya. Tutalipa 8 sasa na bado tutakuwa na tatizo lilelile.

Hiyo aya ya mwisho ndo inayookoa maombi mengi, nawaomba muiangalie vizuri. Ni jambo la kiufundi lakini liko kwenye FEDHA, kwa sababu anayeweza kukata ombi nusu ni mhasibu, na yeye hatashuka mpaka UFUNDI kujua kwa nini asikate. Kwa hiyo usigawe sehemu kwa kuangalia jambo ni la fani gani, angalia nani ataamua vibaya asipolijua. Kinyume chake pia kipo: kama hela haitoki kabla ya mwezi ujao, hilo la kifedha liandike kwenye UFUNDI, maana fundi ndo atapanga nani akae karibu na jenereta kwa muda huo.

Hatua ya 5: sehemu ya UFUNDI. Hapa andika kwa lugha ya kazi bila kuogopa: betri 12V 9Ah, mnyororo mmoja wa 16 yaani 192V, kipimo kilifanyika kwa mzigo wa kawaida wa siku, UPS itawekwa baipasi, seva zinazimwa kwanza kwa utaratibu, baada ya kufunga tunachaji halafu tunajaribu tena muda wa kushika. Na andika kipimo cha kukubali kazi, mfano "isiposhika dakika 15 hatusaini", maana malipo yanategemea hilo. Bei usiiweke huku kabisa.

Hatua ya 6: ikague. Soma tabaka la juu na FEDHA tu, je unaweza kuidhinisha? Soma la juu na UFUNDI tu, je unaweza kupanga kazi? Ukishatuma, majibu yenyewe yanakuambia. Mhasibu akiuliza "kwa hiyo ni shingapi jumla?" kiasi kilijificha. Fundi akiuliza "nani kaidhinisha kuzima?" hukumtaja mtu kwa kazi yake pale juu.

MASWALI

Swali: Mkuu, mimi mhasibu, kwa nini umetenganisha ufundi na betri, si ungeweka jumla moja tu?

Jibu: Ni kwa ajili yako dada. Kwenye malipo ya huduma unakata kodi ya zuio 5%, kwenye hiyo 180,000 ni 9,000. Ukipewa jumla moja lazima urudi kuuliza huduma ni kiasi gani, na ombi linalala siku nyingine mezani.

Swali: Kaka picha za skrini ya UPS niziweke wapi? Mimi huwa naanza nazo ili waamini.

Jibu: Ziambatishe, ila zipe majina yanayosema kitu, mfano `UFUNDI-kipimo-dakika4.jpg` na `FEDHA-profoma-1.pdf`. Ukianza na picha kwenye simu zinajaza skrini nzima na ombi lako linasukumwa chini. Namba iliyoko kwenye picha iandike ndani ya imeili yenyewe, picha iwe ushahidi tu.

Swali: Na bei ikipanda nimeshatuma? Juzi msambazaji kabadilisha profoma mhasibu akiwa bado hajajibu.

Jibu: Jibu kwenye mazungumzo yaleyale, na mstari wa kwanza uandike kiasi cha zamani, kipya na sababu. Halafu bandika FEDHA yote upya, usitume mstari uliobadilika peke yake. Kwa kuwa bei haiko kwenye UFUNDI, fundi hana cha kurekebisha, yeye anaendelea na Jumapili yake.