Chuja yai kabla ya kulipika bila ganda

Mayai mengi tunayonunua madukani hapa Dar es Salaam hukaa kwenye trei bila jokofu, na joto huharakisha ute wake kuwa mwepesi, ndiyo maana yai likimiminwa kwenye maji ya moto hutawanyika nyuzi nyuzi. Lipasulie kwanza kwenye chujio la chai na ulitikise taratibu kwa nusu dakika, ili ute mwepesi uchuruzike na ubaki ule mzito unaokishika kiini. Chemsha maji yenye kina cha vidole vinne, kisha punguza moto hadi yaache kutokota na vipovu vidogo vibaki vimeshika kitako cha sufuria, yaani takriban nyuzi 80 hadi 85 za Selsiasi, kwa kuwa maji yanayotokota hulirarua yai. Litelezeshe humo ukiwa umeinamisha chujio karibu kabisa na maji, na baada ya dakika 3 hadi 4 uliinue kwa kijiko chenye matundu: ute uwe umeshika, kiini kikibonyea ukikigusa. Njia hii haifai kwa yai la zamani mno, ambalo ute wake karibu wote hupita na kiini kulala bapa. Hilo, maadamu halinuki, ni bora ulivuruge kwa siagi kwenye moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, na uliepue likiwa bado linang'aa kwa unyevu, kwani joto la kikaango huendelea kulipika. Wajawazito na watoto wadogo wapikiwe mpaka kiini kigande.