Somo: Lengo la kilo na lengo la kijiko

Mtu anaposema kwamba anataka kupunguza kilo kumi kabla ya Desemba, ametaja lengo la matokeo, ambalo mwili wake ndio utakaolitimiza kwa wakati wake. Anaposema kwamba wiki hii atatia vijiko viwili vya sukari katika kila kikombe cha chai badala ya vinne, ametaja lengo la tabia, na jioni anaweza kujijibu kama amelitimiza au hakulitimiza. Lengo la kilo lina kazi yake, kwani ndilo linaloonyesha tunakoelekea, lakini halifai kuwa lengo la wiki, kwa sababu mzani hauwezi kuona mafuta ya wiki moja. Uzito wa mtu hupanda na kushuka kwa kilo moja au hata mbili kutokana na maji, chumvi na chakula kilichomo tumboni, ilhali mafuta yanayopungua kwa mwendo wa kawaida ni robo kilo hadi nusu kilo kwa wiki.

Tuchukue mfano wa mama mfanyabiashara wa Mwanga, hapa Kigoma, mwenye kilo 86, ambaye hunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja kikiwa na vijiko vinne vya chai vya sukari, na ambaye sufuria lake la sombe la watu watano hutiwa vijiko vikubwa kumi vya mawese.

Hatua ya kwanza ni kuandika kwa siku tatu kile kinacholiwa na kunywewa, bila kubadilisha chochote, kwa sababu lengo lisilotokana na hali halisi huwa la kubahatisha.

Hatua ya pili ni kuchagua tabia moja tu. Mama huyu alianza na sukari, akashuka kutoka vijiko kumi na viwili kwa siku hadi sita, na lengo lake likawa kutimiza hilo siku tano kati ya saba. Siku mbili zimeachwa kwa makusudi, maana misiba na wageni havipangwi. Kijiko cha chai cha sukari kina takriban kalori 16, hivyo siku anayolitimiza anaokoa kalori 96 hivi.

Hatua ya tatu ni kuongeza tabia nyingine baada tu ya ile ya kwanza kutimizwa wiki mbili mfululizo. Wiki ya tatu alianza kupima mawese kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye chupa, akatia vitano badala ya kumi. Kijiko kikubwa cha mafuta kina takriban kalori 120, na hicho ndicho kilichopungua katika sahani ya kila mlaji. (Mawese yana karotini nyingi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, tatizo ni kipimo, wala si mafuta yenyewe.)

Kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwili ni takriban kalori 7,700, wiki sita za mpango huu, hata akitimiza siku zote, hazizidi kilo moja.

Hatua ya nne ni kupima uzito asubuhi tatu kwa wiki, baada ya kutoka chooni na kabla ya kula, kisha kutafuta wastani. Wastani wake wa wiki ya kwanza ulikuwa 86.2, wa pili 86.6, wa tatu 86.0, na wa sita 85.4. Wiki ya pili alikuwa amekula dagaa wa chumvi kwa siku kadhaa. Kama angehukumu kwa mzani peke yake, angeacha jambo lililokuwa likifanya kazi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi sina mzani. Nifanyeje?*
Marahaba. Tumia futi ya fundi cherehani, uzungushe kiuno usawa wa kitovu, ukiwa umetoa pumzi, mara moja kila baada ya wiki mbili.

*Mwalimu, anayepika nyumbani ni mama mkwe, nami siwezi kumpimia mafuta.*
Usimpimie, dada. Acha mchuzi utulie, mafuta yapande juu, kisha mwombe akupakulie kutoka chini. Lengo lako liwe idadi ya pawa za mchuzi, kwa sababu hilo liko mikononi mwako.

*Nimetimiza siku mbili tu kati ya tano. Je, nirudie?*
Usirudie lengo lilelile, ndugu, lipunguze. Kama vijiko viwili vimekushinda, weka vitatu kwa wiki mbili.

*Baba yangu ana kisukari na anachoma sindano za insulini. Anaweza kufuata mpango huu?*
Asianze kabla ya kuonana na daktari wake, kwa sababu akipunguza sukari na chakula huku dozi ikibaki ileile, sukari ya damu inaweza kushuka mno. Akianza kutetemeka, kutoka jasho au kuchanganyikiwa, apewe kitu chenye sukari mara moja, kama bado anaweza kumeza, hata kama lengo la wiki linakataza.